Yai la safura halisubiri kesho

Kijana mmoja anayesomea maabara Unguja ameniandikia: "Dada, jana nimesoma slaidi ya Kato nikaandika safura. Leo msimamizi kairudia ileile, kasema hamna kitu, eti nilichoona mimi ni viputo vya hewa. Nimuonyeshe nini?"

Mdogo wangu, maneno hayo nayajua. Nilipoanza kazi Pemba niliambiwa hayohayo mbele ya wenzangu, na mpaka leo yananiuma, kwa sababu nilikuwa sahihi. Mtoto wa skuli alileta choo asubuhi. Tukatengeneza slaidi ya Kato: tukakichuja choo, tukajaza tundu la kibao cha kupimia linalobeba miligramu 41.7, tukafunika kwa selofeni iliyolowekwa kwenye gliserini na rangi ya kijani, tukaikandamiza. Nikasoma baada ya nusu saa: mayai 17 ya safura, 31 ya mnyoo mjeledi, na machache ya mchango. Kwa gramu moja unazidisha mara 24, kwa hiyo safura ni 408 na mjeledi 744. Kesho yake mkubwa wangu akairudia slaidi. Mjeledi aliwakuta, mchango akaukuta, safura hakuona hata yai moja. Nikaambiwa nimebuni.

Sikubuni. Gliserini ndiyo inayoung'arisha uchafu wa choo ili mayai yaonekane, lakini haichagui. Yai la safura lina ganda jembamba mno, na gliserini ikizidi kuingia linang'arishwa nalo mpaka linapotea machoni. Ndiyo maana safura husomwa kati ya dakika 30 na 60 tangu slaidi itengenezwe, na kwenye joto letu usingoje mwisho wa saa. Mchango na mjeledi wana maganda mazito. Hao hata kesho utawakuta. Kwa hiyo mtu anayerudia slaidi ya jana akakosa safura hajathibitisha chochote. Mimi niliomba choo kilichobaki, ambacho kilikuwa kwenye ubaridi, nikakitia tone la maji ya chumvi bila gliserini. Mayai yalikuwepo, na mkubwa akayatazama mwenyewe. Radhi hakuniomba.

Sasa kuhusu viputo. Kiputo ni duara kamili, kina ukingo mweusi mzito, na ndani hamna kitu. Yai la safura ni la mviringo mrefu, ncha zote mbili zimefutika butu, urefu kama maikromita 60 hadi 75 na upana wa karibu 40. Ganda lake ni mstari mmoja mwembamba. Ndani kuna seli, mara nyingi nne hadi nane, zimejikusanya katikati, na baina yao na ganda pana uwazi mweupe. Uwazi huo ndio ushahidi wako. Tafuta kwa lenzi ya 10, kisha hamia ya 40 uutazame kabla hujaandika.

Mjeledi hamsumbui mtu: ni pipa dogo la kahawia lenye kizibo king'aavu kila ncha, urefu 50 hadi 55, upana 22 hadi 24 tu.

Anayedanganya watu ni mchango. Yai lake lililorutubishwa ni la duara, la kahawia, lina vinundu juu ya ganda, na hilo halina shaka. Lisilorutubishwa hurefuka, pengine hadi maikromita 90, na ndani limejaa chembechembe ovyoovyo. Lakini kuna yale yaliyovuliwa vinundu. Hayo hubaki laini na meupe, na ndiyo watu huyaandika safura. Usiangalie rangi, angalia ganda: la mchango hata likivuliwa ni nene, utaona kingo mbili, ya nje na ya ndani, na katikati kuna donge moja lisilogawanyika. Ganda nene na donge moja ni mchango. Mstari mwembamba na seli kadhaa ni safura. Ukubwa peke yake hautakuokoa hapa, kwa sababu vipimo vya hawa wawili vinapandana.

Na msipokee choo kilicholala kwenye joto mkakisoma kana kwamba ni kibichi! Yai la safura linaendelea kukua. Seli huongezeka, na baada ya siku moja au mbili utakuta kiluwiluwi ndani ya ganda, au kimeshatoka nje. Hapo utaanza kubishana kama ni safura au ni mnyoo mwingine, strongiloidi, na itabidi utazame mdomo: wa safura una mfereji mrefu, wa strongiloidi mfupi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usibishane kwa maneno. Kila slaidi iandike saa iliyotengenezwa na saa iliyosomwa. Ukipata safura, muite msimamizi palepale aweke jicho lake kabla saa haijaisha. Akiwa hayupo, ukiwa na simu piga picha kwenye lenzi ya 40, ule uwazi uonekane, na choo kilichobaki ukiweke kwenye friji. Ya jana mmeshaikosa. Omba sampuli nyingine ya mgonjwa huyo muisome pamoja.