Ndama hajui kalenda, angalia bakuli

Juzi msomaji mmoja kaniandikia, "Kaka, ndama wangu katimiza wiki nane, kesho namkatia maziwa, sawa?" Nikashtuka, maana hiyo kesho naijua.

Mimi mwaka jana nilifanya hivyohivyo. Ndama jike, wiki nane kamili, kilo 68, nikakata maziwa asubuhi moja, na kwa ujanja wangu siku hiyohiyo nikamtoa pembe na kumhamishia banda la wakubwa. Alilia usiku kucha siku tatu mpaka sauti ikakauka. Baada ya wiki moja nikampima, kilo 64, manyoya yamesimama, na kikohozi juu. Bado inaniuma.

Kosa halikuwa umri. Kosa ni kwamba chakula kikavu cha nafaka alikuwa anakilamba tu, kiganja kimoja kwa siku. Maziwa akinyonya hayapiti tumbo kubwa la kucheua, yanalipita pembeni, kwa hiyo linabaki changa. Kinacholikomaza ni nafaka inayochachuka mle ndani, inaotesha vinyweleo vya kufyonza chakula, na hiyo kazi inachukua kama wiki tatu tangu aanze kula kwa maana. Halafu maji! Nilikuwa nadhani maziwa yanatosha, kumbe bila maji ya ndoo kile chakula hakichachuki vizuri, na hakuna ndama anayekula kikavu huku ana kiu.

Huyu wa mwaka huu nikamfanyia tofauti. Kila asubuhi napima mabaki kwenye bakuli kwa mizani ya jikoni (jirani akacheka eti nauza duka). Wiki ya saba alikuwa anakula gramu 600, nikashusha maziwa kutoka lita sita hadi nne, siku tano baadae chakula kimepanda kilo moja, nikashusha hadi mbili, asubuhi tu. Hapo akagoma kidogo, akarudi gramu 800, sikushusha tena, nikasubiri. Alipokula kilo moja na nusu siku tatu mfululizo ndo nikakata, wiki ya kumi inaelekea mwisho, kilo 80. Alizaliwa na 36.

Na nisikilizeni hapa, watu wengi mnaharibia hapa: ukishakata maziwa, chakula kilekile, banda lilelile, wiki mbili zaidi. Pembe, chanjo, kuhama, vyote vingoje, usimpe mtoto misiba mitatu siku moja. Majani makavu mpe kidogo tu, akiyajaza sana anatoka kitambi huku mgongo umekonda, watu wanasema kashiba kumbe ana njaa.

Wiki moja baada ya kukata huyu wangu alikuwa kilo 85, na kelele alipiga jioni moja tu.

Dada uliyeniandikia, umesema wako anakula kama nusu kilo. Kesho mpe maziwa yake. Anza na ndoo ya maji safi na hiyo mizani, uniandikie wiki ijayo bakuli linasemaje.