Meza za kumi na wasiokaa pamoja: maswali yenu ya shughuli

Mwenye ukumbi ananiambia meza zake za duara ni za watu 12. Nimezipima, zina sentimita 180 kutoka ukingo mpaka ukingo. Nipange 12?

Panga 10. Mzunguko wa meza hiyo ni kama sentimita 565. Ukiwagawia watu 12, kila mmoja anapata 47, yaani upana wa kiti na basi. Ukiwagawia 10, kila mmoja anapata 56, na hapo mtu anakula bila kumpiga mwenzake kiwiko. Kwenye shughuli ya wanawake, watu wamevaa magauni mapana na kila mmoja ana mkoba na baibui alilolivua, kwa hiyo hizo sentimita tisa zinaonekana. Meza ya sentimita 150 ihesabu kuwa ya watu 8.

Kikomo ulichokichagua kiandike kabla hujaanza kupanga, na usikipandishe njiani. Ukishakubali meza moja iwe ya 11, zilizobaki zitafuata.

Nina meza tatu za watu 10 na wageni 28. Upande wa mke mkubwa ni 6, upande wa mke mdogo 5, mashangazi kutoka Wete 4, wenzake bibi harusi wa kazini 7, majirani wa Kikwajuni 3, wageni wa Mombasa 3. Nimeombwa mke mkubwa, mke mdogo na mashangazi wasikae meza moja hata wawili wao. Viti vinatosha lakini kila nikipanga kuna wanaobaki nje. Nakosea wapi?

Hukosei. Kwa masharti hayo, bila kuligawa kundi, mpango haupo, na unaweza kulithibitisha hilo kwa kalamu.

Makundi matatu yasiyotaka kuonana yanahitaji meza tatu, moja kila kundi. Kwa hiyo meza zako zote zimeshachukuliwa: ya kwanza ina watu 6 na imebaki nafasi 4, ya pili ina 5 imebaki 5, ya tatu ina 4 imebaki 6. Sasa wa kazini ni 7, na nafasi kubwa uliyonayo ni 6. Nafasi 15 zimebaki, wanaozitaka ni 13, lakini nafasi hizo zimetawanyika. Hili ndilo linalowababaisha wengi: hujumlisha viti vyote vya ukumbi na kuona vinatosha, kumbe cha kutazama ni kundi kubwa lililobaki na nafasi kubwa iliyo wazi kwenye meza moja.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuwagawa wa kazini. Wanne wakae na upande wa mke mkubwa, hapo meza inakuwa 10. Watatu wakae na upande wa mke mdogo, inakuwa 8. Majirani na wageni wa Mombasa wanajaza meza ya mashangazi, 4 na 3 na 3, inakuwa 10. Usimwache mtu wa kazini peke yake na watu asiowajua. Hapa kila upande una watu watatu au zaidi, kwa hiyo hawatajihisi wametengwa.

Njia ya pili naipenda zaidi. Warudie walioomba, uwaulize kuhusu jozi moja tu: mashangazi na mke mkubwa. Wakikubali kukaa pamoja, 6 na 4 inakuwa 10 kamili. Wa kazini 7 na majirani 3 inakuwa 10. Mke mdogo 5 na wageni wa Mombasa 3 inakuwa 8. Hakuna kundi lililokatwa. Ombi moja tu ndilo lililokuwa linakubana, na mara nyingi ombi kama hilo limeletwa na mtu wa tatu, wahusika wenyewe hawana neno. Wakikataa, basi wamekataa; rudi kwenye njia ya kwanza wala usiwalazimishe.

Siku nyingine anza na wenye maombi ya kutenganishwa, kisha makundi makubwa, na wadogo wadogo wawe wa mwisho. Kundi la watatu linaingia popote. La saba haliingii popote ukilichelewesha.

Natumia Excel. Nifanyeje ili inionyeshe meza iliyojaa na watu niliowagonganisha?

Karatasi ya kwanza iite `Wageni`: safu A jina la kundi, B idadi, C namba ya meza. Pembeni, kwenye safu E, andika namba za meza kuanzia E2, kisha F2 weka hii na uiburute chini:

```
=SUMIF(C:C,E2,B:B)
```

Hiyo inajumlisha watu wa kila meza. Karatasi ya pili iwe ya jozi zisizokaa pamoja: A mmoja, B mwenzake. C2, D2 na E2 ziwe hivi, kisha uziburute chini:

```
=VLOOKUP(A2,Wageni!A:C,3,FALSE)
=VLOOKUP(B2,Wageni!A:C,3,FALSE)
=IF(C2=D2,"GONGANA","SAWA")
```

Neno `FALSE` usiliache, maana bila hilo unaweza kuletewa meza ya jina jingine na hutajua. Ukiona `#N/A`, majina hayalingani. Aghalabu kuna nafasi tupu mwisho wa jina. Na kama wote wawili hawajapewa meza, itasema GONGANA kwa kuwa matupu mawili ni sawa, kwa hiyo usitishike mpaka wote wapate namba.

Mtego wenyewe uko kwenye kundi lililogawanywa. Ukiwakata wa mke mdogo kuwa mistari miwili, jozi zako bado zinautazama mstari wa jina la zamani. Sehemu ya pili inaweza kukaa meza ya mke mkubwa na jedwali likasema SAWA. Kila ukikata kundi, ongeza jozi za kipande kipya.

Watu niliowatenganisha nimewaweka meza tofauti lakini zimepakana. Inatosha?

Muulize aliyeomba anachokitaka hasa. Baina ya ukingo wa meza na ukingo wa jirani yake huwa kuna kama sentimita 150, na viti vya pande zote mbili vinakula sehemu kubwa ya hizo. Watu wa meza mbili jirani wanaweza kukaa mgongo kwa mgongo karibu kugusana. Kama ombi ni "wasionane", chora ukumbi, weka angalau meza moja kati yao, na utazame pia njia ya chooni na ya chakula, kwani huko ndiko wanakokutana.

Watoto wa kupakatwa nawahesabu?

Kiti hapana, lakini usiweke zaidi ya wawili kwenye meza ya watu 10. Anayekaa mwenyewe ana kiti chake, hata awe mdogo vipi.

Wageni wa Pemba huenda boti ikawachelewesha, na wengine huja na mtu wa ziada. Niache nafasi ngapi, na nibandike nini mlangoni?

Usiache kiti kimoja kimoja kila meza, kwani wanaochelewa huja wawili watatu na hawataki kutawanywa. Acha meza moja karibu na mlango ikiwa nusu tupu. Wa Pemba wape meza yao mapema, na msimamizi asiwaruhusu wengine wahamie kwa sababu tu viti viko wazi.

Mlangoni bandika majina kwa alfabeti, si kwa meza, maana mgeni anajua jina lake, hajui namba yake. Kwa akina Asha na Fatma, ongeza jina la baba na mtaa. Karatasi ya jozi isitoke kwako kabisa. Kuificha ndani ya faili hakusaidii, maana ukilituma faili kwenye WhatsApp mtu anaifichua kwa kubofya mara mbili tatu. Nakili jina na meza tu kwenye faili jipya, litoe kama PDF, ndilo ulitume kwa wasaidizi.