Barua kwa mwanangu: Ashura ya Jumamosi na Ashura ya Jumapili

"Mama, shikamoo. Mwaka huu kalenda ya simu yangu ilisema Ashura ni Jumamosi tarehe 5 Julai, jirani yangu hapa Dodoma akafunga Jumapili. Nani alikosea? Na mbona mwaka mpya wetu wa Kiislamu unapita kimya hivi?"

Marahaba mwanangu. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alianza kuhesabu kwa usiku wake, na Ashura ni hesabu tu: ukishajua Muharram imeandama lini, siku ya kumi imejulikana. Kwa hiyo twende kwenye jioni yenyewe, Jumatano tarehe 25 Juni 2025.

Siku ile mwezi na jua vilikutana, yaani mwezi mpya ulizaliwa, saa 7 na nusu mchana kwa saa zetu. Jua hapa Tanga lilizama kama saa 12 na dakika 20. Mwezi ulikuwa na umri wa saa tano kasoro. Mwezi wa umri huo hauonekani, hata mbingu iwe safi namna gani. Kwa macho matupu mwezi mchanga huanza kuonekana ukifika kama saa 15, tena kwa mtu mzoefu na mahali pazuri. Mara nyingi huhitaji zaidi ya hapo. Sasa kalenda ya Saudia, ambayo simu nyingi huifuata, haimsubiri mtu auone. Inatosha kwamba mwezi umezaliwa kabla ya jua kuchwa Makka na unazama baada ya jua. Ndiyo maana kwao Alhamisi tarehe 26 ikawa mosi Muharram 1447, na kumi ikaangukia Jumamosi tarehe 5 Julai. Wanaongoja kuuona wakasubiri jioni iliyofuata, Muharram yao ikaingia magharibi ya Alhamisi, mosi ikawa Ijumaa tarehe 27, na Ashura Jumapili tarehe 6. Pakistani na Irani pia Ashura yao ilikuwa Jumapili hiyo.

Kumbuka siku yetu huingia magharibi. Usiku wa kumi ni ule unaotangulia mchana wa kumi, kwa hiyo mtu akikwambia "leo ni usiku wa Ashura", daku unakula usiku huohuo.

Ukija nyumbani tutautafuta pamoja. Watoto wa hapa hukimbilia Raskazone na kukodolea macho baharini, wakati bahari yetu iko mashariki. Mwezi mwandamo huonekana magharibi, palepale jua lilipozamia. Ipe bahari mgongo, tazama upande wa milima ya Usambara, chini kabisa, dakika chache baada ya jua kuchwa. Ni uzi mwembamba, nao hauchelewi kulifuata jua. Wingu moja juu ya milima linatosha kuuficha, na hapo hukamilishwa siku 30 za mwezi unaoisha.

Kuhusu ukimya: Mtume (s.a.w.) hakutuwekea sala ya Idi siku ya mosi Muharram. Hesabu ya miaka kuanzia Hijra ilipangwa wakati wa Khalifa Umar, miaka kadhaa baada ya Mtume kufariki. Serikali nayo haikuifanya sikukuu ya mapumziko kama Maulidi na Idi mbili. Kilichofundishwa ni saumu ya Ashura. Mtume alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku hiyo kwa kushukuru Musa kuokolewa na Firauni, akasema sisi tuna haki zaidi kwa Musa, akafunga na kuamrisha ifungwe. Ramadhani ilipofaradhishwa, Ashura ikabaki sunna. Mwishoni alisema akifika mwakani atafunga na tisa, hakufika. Ndiyo sababu tunaanza na Tasua, siku ya tisa.

Majirani zetu Mashia Ithnaasheri utawaona wamevaa nyeusi, na majlisi zao huanza tangu usiku wa kwanza. Kwao kumi ni msiba: Imam Husein, mjukuu wa Mtume, aliuawa Karbala siku hiyo mwaka 61 Hijria, yaani 680. Usimpe jirani wa aina hiyo mkono wa heri ya mwaka mpya; mpe pole. Nami humlilia Husein, ingawa nimefunga.

Mwakani mwezi utazaliwa alfajiri ya Jumatatu tarehe 15 Juni 2026. Jioni yake utakuwa na saa 12 na ushei, bado mchanga mno, kwa hiyo mimi natarajia uonekane Jumanne, mosi iwe Jumatano tarehe 17, na Ashura Ijumaa tarehe 26. Simu yako huenda ikakwambia Alhamisi. Imam Ahmad alisema mwanzo wa mwezi ukitatanisha, mtu afunge siku tatu apate uhakika wa tisa na kumi. Wewe funga Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, tarehe 24 hadi 26, na umwambie mwajiri wako mapema kama una zamu ya mchana.

Mama yako,
Tanga