Kuchezesha voliboli darasani: anza na laini, filimbi baadaye

"Walimu wenzangu, niko na darasa la watoto 50, uwanja mmoja wa voliboli. Wakicheza 12 wengine ni kelele tu. Naskia kuna watu hufanya wanafunzi ndio marefa, hiyo hufanyika aje bila vita?"

Mwalimu mwenzangu, mimi niko huku upande wa Mumias, junia sekondari, na hiyo ndio njia natumia. Watu wengi hukosea hapo mwanzo, wanampa mtoto filimbi siku ya kwanza wanamwambia chezesha, halafu kila mtu anamlilia yeye peke yake. Mimi filimbi inakuja mwisho kabisa, kwanza kila mtoto anapewa kitu kimoja tu cha kuangalia.

Tunaanza na laini. Watu wawili, wanasimama kwa kona mbili zinazotazamana kimshazari, hatua moja au mbili nje ya kona, na kila mmoja anaangalia laini ya nyuma na ile ya kando ya upande wake. Bendera ni kitambaa cha sare kuukuu tulikata sentimita 40 kwa 40 tukafunga kwa kijiti. Mpira ukiwa ndani bendera inashuka chini, ukitoka inaenda juu, na kama umegusa mtu halafu ukatoka anasimamisha bendera na kuweka kiganja cha ule mkono mwingine juu yake. Mpira ukigusa laini hata kidogo huo ni ndani, hii bishana nao mapema kabla ya gemu. Uwanja wetu ni wa maramu, laini tunamwaga majivu, kwa hivyo mpira ukiangukia hapo unaacha alama na ubishi unaisha haraka (mvua ikinyesha sasa ni shida ingine).

Kazi ngumu ni ya refa wa pili, yule wa chini karibu na nguzo. Yeye anachunga wavu na laini ya katikati, na mtoto yeyote ukimweka hapo macho yake yatafuata mpira tu. Utamjua kwa shingo, spaiki ikipigwa kichwa kinageuka na mpira, hapo jua hajaona kitu. Mimi humwambia mpira ukishapigwa huo sio wako tena, baki na mikono na miguu ya wale wanabloku, na usimame upande wao, mpira ukivuka na wewe unahama. Mguu kuingia upande ule mwingine sio kosa kama sehemu yake bado iko juu ya laini au juu yake hewani, ni kosa ukivuka wote mzima. Hii watoto hupenda sana kupuliza bure.

Refa wa kwanza ndio wa mwisho kufundishwa. Akipuliza, kwanza anaonyesha timu itakayosevu, halafu ndio anaonyesha kosa. Wakizoea huo mpango kelele inapungua sana, maana kila mtu ameona pointi ni ya nani na kwa sababu gani.

Acha nikupe mfano mmoja. Spaiki inapigwa, inapita kwa vidole vya bloku inatoka nje. Timu iliyobloku inashangilia, mtu wa laini bendera iko juu na kiganja kimeifunika. Refa wetu alikuwa ashaanza kunyoosha mkono kwa waliobloku. Sasa tunawafundisha ukipuliza usinyooshe chochote kabla hujatupa jicho kwa laini, ndio akaona kiganja, akapea pointi waliospaiki. Hapo anayeruhusiwa kuuliza ni kapteni peke yake, na anauliza maelezo, habishani. Mimi mwenyewe siingilii hata nikiona wamekosea, naandika kwa karatasi tunaongea seti ikiisha. Ukipindua uamuzi mara moja tu, hio siku ingine yote watakuwa wanakuangalia wewe.

Sasa hao 50. 12 wanacheza, wawili marefa, wawili laini, mmoja anaandika pointi. Nyuma ya kila mmoja wa hao 5 weka watoto watatu kama vivuli, wao wanaonyesha ishara kimya kimya kabla yake, wakitofautiana ndio unajua ni sheria gani haijaingia. Hao 18 wamebaki wanadigi kando na mipira yenye iko. Usicheze mpaka pointi 25, kipindi ni dakika 40, cheza mpaka 10 halafu vivuli wanachukua kazi, waliokuwa kazini wanaingia kucheza.

Kushika mpira na kugusa mara mbili usiwape wahukumu sana, hata marefa wakubwa hutofautiana hapo. Mimi huambia wapulize tu mpira ukishikwa wazi wazi, na wakumbuke ile mguso ya kwanza ya timu, kama ni tendo moja mpira unaweza kugonga mkono ukagonga na kifua na gemu iendelee.