Mkurugenzi asiwe mpelelezi: kifungu cha kutoa taarifa katika sera ya ulinzi wa mtoto

Swali: Habari za kazi. Shirika letu lipo Morogoro. Tuna watumishi 14 na wanaojitolea 9, na watoto kama 120 huja kujisomea baada ya shule. Wanaokaa mbali tunawarudisha kwa gari. Mfadhili anataka sera ya ulinzi wa mtoto kabla ya kusaini mkataba. Kwenye rasimu tumeandika: "Malalamiko yote yatapelekwa kwa Mkurugenzi, ambaye atafanya uchunguzi ndani ya siku 14 na kuamua kama suala lifikishwe kwenye vyombo vya dola." Kwenye kanuni za mwenendo tumeandika kwamba mtumishi "atawapenda na kuwaheshimu watoto wote". Je, inatosha? Kama haitoshi, turekebishe wapi?

Jibu: Kifungu cha siku 14 kifuteni kwanza, kabla hamjagusa kitu kingine. Kinaonekana cha busara, na ndicho kitakachowaharibia kesi siku mkiipata.

Chukulieni mfano huu wa kubuni, nao si wa ajabu. Ni Alhamisi, saa 10:40 jioni. Msichana wa miaka 11 anabaki nyuma wenzake wakitoka, kisha anamwambia dada anayejitolea kuwasomesha: "Dereva hunishusha wa mwisho. Juzi alinipa elfu mbili, akaniambia nisimwambie mama. Akanishika." Gari la kuwarudisha watoto linaondoka saa 11:00.

"Akanishika" maana yake nini? Hakuna anayejua, na si kazi ya dada huyo kujua. Lakini juzi ni Jumanne. Ikiwa safari ile iliisha saa 11:30 jioni na kilichotokea ni kubakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, yaani kabla ya Ijumaa saa 11:30 jioni, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Zimebaki saa 25 hivi. Kwa rasimu yenu, muda huo wote mkurugenzi atakuwa anaandika barua ya kumtaka dereva ajieleze.

Sababu ya pili ni ya kisheria. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa wajibu kila mwanajamii mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinakiukwa: atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mitaa ya eneo husika. Hakisemi "baada ya mwajiri kuridhika". Sera inayomtaka mtumishi asubiri uamuzi wa mkurugenzi inamwelekeza akae kimya pale sheria inapomtaka aseme.

Ya tatu ni ushahidi wenyewe. Katika makosa ya kujamiiana, mahakama zetu zinaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, zikiridhika kwamba anasema kweli. Basi maneno ya mtoto ndiyo kesi. Akihojiwa na dada, kisha mratibu, kisha mkurugenzi, kisha wajumbe wawili wa bodi, atakapofika polisi atakuwa ameeleza mara nne, kila mara kwa maneno tofauti kidogo na mengine ameyaokota kwenye maswali ya watu wazima. Wakili wa utetezi hahitaji zaidi ya hapo.

Wekeni badala yake mtu mwenye jina na namba ya simu: mratibu wa ulinzi wa mtoto, na msaidizi wake. Mmoja awe mwanamke na mwingine mwanamume, na wasiwe mkurugenzi wala jamaa zake. Kifungu kiseme hivi: mtumishi anayeambiwa, anayeona au anayeshuku jambo humweleza mratibu kwa mdomo saa hiyohiyo, kisha hujaza fomu siku hiyohiyo kabla hajaenda nyumbani. Mratibu hapimi kama ni kweli. Hupima mambo mawili tu: je, mtoto yuko hatarini sasa hivi, na je, jambo hili ni la mamlaka au ni la nidhamu ya ndani? Kila linalogusa kujamiiana, kipigo, kutelekezwa au jinai nyingine hufikishwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndani ya saa 24. La kujamiiana hupelekwa mara moja, hata usiku. Mratibu asipopatikana au akiwa ndiye anayetajwa, mtumishi aende mwenyewe au apige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, na sera itamke wazi kwamba hataadhibiwa kwa kuruka ngazi.

Turudi kwa dada na mtoto. Dada anaruhusiwa maneno machache: "Niambie kilichotokea," "Kisha?" na "Asante kwa kuniambia, hujakosea." Haulizi "Alikushika wapi?" wala "Alikuvua nguo?", kwa sababu swali la namna hiyo linabeba jibu ndani yake. Hamwahidi siri. Anamwambia kwamba kuna mtu mmoja lazima amweleze ili apate msaada, na anamtajia mtu huyo. Mtoto akinyamaza, anamwacha anyamaze.

Kwenye fomu, maneno ya mtoto yaandikwe kama yalivyotoka, kwa lugha aliyotumia. Akisema "akanishika", iandikwe "akanishika", isigeuzwe kuwa "alimnyanyasa kingono". Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye fomu za mashirika: mwandishi anatafsiri kwa nia njema, na kesi inabaki na maneno ambayo mtoto hakuyasema. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe na saa, mahali, nani alikuwepo, mtoto alisema nini, mwandishi aliona nini kwa macho yake, na alifanya nini baadaye. Maoni yakiwepo yakae sehemu yake, yaitwe maoni. Aliyekosea neno alikate kwa mstari mmoja unaosomeka, asilifute. Fomu ikae kabati lenye kufuli, ufunguo kwa mratibu na msaidizi tu, mbali na faili la kawaida la mtoto.

Saa 10:55 mratibu ana kazi ya haraka kuliko fomu: gari lisiondoke na dereva yule. Dereva aambiwe kwamba leo safari imebadilika, basi. Asielezwe tuhuma mpaka polisi waseme, maana atafuta ujumbe kwenye simu au atawahi nyumbani kwa mtoto kabla yenu. Kuanzia kesho asimamishwe kwa malipo. Huko si kumhukumu, ni kumweka mbali na watoto wakati wenye mamlaka wakifanya kazi yao, na sera iseme hivyo ili naye asidhulumiwe.

Mama aelezwe jioni hiyohiyo, ana kwa ana. Mzazi angekuwa ndiye anayeshukiwa, mngeanza na Ustawi wa Jamii. Kisha hospitali. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono pelekeni huko, kwa kuwa daktari, polisi na ustawi wa jamii hukutana mahali pamoja. Fomu namba 3 ya polisi, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini tiba ya dharura isisubiri karatasi. Mtoto asiogeshwe kwanza. Nguo za siku ile, kama hazijafuliwa, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na nguo huoza na ushahidi wake. Simu yenye ujumbe au picha ikabidhiwe polisi kama ilivyo. Msiisambaze picha yoyote ya mtoto, hata kumtumia mkurugenzi "aone mwenyewe", kwani kuituma kwenyewe kunaweza kuwa jinai.

Kuna aya moja ambayo sera za kunakiliwa kutoka nje hazina, nayo kwetu haikosekani. Siku ya tatu familia mbili zitakaa, mjumbe ataitwa, patatajwa kiasi cha fedha na mtu atasema "tuyamalize nyumbani". Andikeni kwamba shirika na watumishi wake hawatashiriki, hawatashuhudia wala hawatachangia maelewano ya aina hiyo, na kwamba anayefanya hivyo amevunja sera hata kama mzazi ameridhia.

Sasa kanuni za mwenendo. "Atawapenda" haivunjiki, na kanuni isiyoweza kuvunjika haiwezi kumwajibisha mtu. Rudini kwa dereva wetu. Kabla ya neno "akanishika" yalikuwepo mambo matatu yanayoonekana: mtoto mmoja hushushwa wa mwisho akiwa peke yake na mtu mzima, pesa ilitolewa, na siri iliombwa. Kanuni zikiyagusa hayo, mnaweza kumzuia mtu mapema bila kuthibitisha jinai yoyote. Kwa hiyo: gari lenye watoto huwa na watu wazima wawili mpaka mtoto wa mwisho ashuke. Ikishindikana kabisa, msimamizi hupigiwa simu kabla, mtoto hukaa kiti cha nyuma, na daftari la safari huandikwa saa ya kuondoka na kufika. Hakuna mtumishi anayempa mtoto pesa au zawadi kutoka mfukoni. Akiguswa na shida ya mtoto, apitishe ofisini. Hakuna ujumbe wa faragha. Mawasiliano ni kwa simu ya shirika au kundi la WhatsApp la wazazi lenye watumishi wawili.

Viboko navyo vitajwe kwa jina. Kanuni za elimu bado zinaruhusu viboko shuleni kwa masharti, na mwalimu anayejitolea kwenu atadhani ruhusa hiyo imemfuata. Ninyi si shule. Pigeni marufuku, pamoja na kupigisha magoti na kumsimamisha mtoto juani.

Kuhusu mapenzi, andikeni kwamba ni marufuku na "aliye chini ya miaka 18", awe ameridhia au la, na ongezeni neno "ndoa". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Bado utasikia utetezi wa "nilikuwa nataka kuoa", na sera isimwachie mtu mlango huo.

Tofautisheni uzito. Aliyesahau kuandika daftari la safari mara moja anaongeleshwa na mratibu, na jambo hilo linaandikwa. Mara ya tatu, au kosa dogo likimrudia mtoto yuleyule, ni hatua ya nidhamu. Mtumishi aliyetoa taarifa kwa nia njema haadhibiwi ikishindwa kuthibitika, na mtoto haadhibiwi kamwe kwa alichosema.

Kanuni zitiwe saini kabla ya siku ya kwanza ya kazi na kila atakayekutana na watoto: mpishi, mlinzi, mjumbe wa bodi, hata mgeni wa mfadhili anayekuja kupiga picha. Ziwe za Kiswahili, zisizidi kurasa mbili, na asiyesoma asomewe.

Kabla rasimu mpya haijaenda kwenye bodi, mpeni mlinzi wa getini na mumwulize: "Ukimwona mkurugenzi anaondoka na mtoto peke yake usiku, unampigia nani?" Asipotaja jina na namba bila kufikiri, kifungu cha taarifa bado hakijakamilika.