Jozi sita, p moja ya 0.03, na ANOVA inayokataa

Swali: Nina miche 20 kwenye aina nne za udongo, mitano kila aina. Nilifanya jaribio la t kwa kila jozi na A dhidi ya D ikatoa p = 0.03. Notisi za mhadhara zinasema nifanye ANOVA ya njia moja, nikaifanya, ikatoa p = 0.125. Nishike lipi? Na kwa nini notisi zinakataza t nyingi wakati kila moja ni halali? Data hii hapa, kwa sentimita:

A: 18, 21, 21, 20, 20
B: 23, 20, 20, 21, 21
C: 19, 22, 22, 21, 21
D: 24, 21, 21, 22, 22

Jibu: Shika ANOVA, lakini kwanza uone inachofanya, maana notisi nyingi hurundika fomula za jumla ya miraba na kuacha wazo lenyewe njiani.

Wazo ni kukadiria kitu kimoja kwa njia mbili. Kitu hicho ni mtawanyo wa asili wa miche, yaani kiasi ambacho miche miwili ya udongo uleule hutofautiana bila sababu yoyote ya udongo. Njia ya kwanza ni ya wazi: angalia ndani ya kila kundi. Kwenye A wastani ni 20, na miche imeachana nao kwa −2, 1, 1, 0 na 0. Zipige miraba uzijumlishe, unapata 6. Makundi mengine matatu nayo yanatoa 6 kila moja, kwa hiyo jumla ni 24. Kila kundi limepoteza digrii moja ya uhuru kwa kukadiria wastani wake, zimebaki 16, na 24 kwa 16 ni 1.5. Hayo ni makadirio ya kwanza.

Njia ya pili ndiyo wanafunzi wengi huipita bila kuielewa. Tuseme udongo hauna athari yoyote. Basi wastani nne zako, yaani 20, 21, 21 na 22, ni wastani za sampuli nne kutoka chungu kimoja, na zinatofautiana kwa bahati tu. Wastani wa miche mitano hutawanyika mara tano pungufu ya mche mmoja. Kwa hiyo ukichukua mtawanyo wa wastani hizo nne na kuuzidisha kwa tano, unarudi kwenye mtawanyo wa mche mmoja. Hebu tufanye: wastani ya jumla ni 21, maachano ni −1, 0, 0 na 1, miraba yake inajumlika kuwa 2. Gawa kwa digrii tatu za uhuru, zidisha kwa tano, unapata 3.33.

Sasa una makadirio mawili. Lile la ndani, 1.5, halijali kama udongo una athari au hauna, kwa sababu linalinganisha mche na wenzake wa kundi lake tu. Lile la kati ya makundi, 3.33, linavimba pale udongo unapokuwa na athari. F ni uwiano wao: 3.33 kwa 1.5, yaani 2.22. Bila athari yoyote uwiano huu huzungukazunguka kwenye 1, na kwa digrii 3 na 16 unahitaji kuvuka 3.24 ndipo useme kwa asilimia 5 kwamba bahati peke yake haitoshi. Wewe hujavuka. Kwenye R utaona hesabu ileile:

```r
urefu <- c(18,21,21,20,20, 23,20,20,21,21,
           19,22,22,21,21, 24,21,21,22,22)
kundi <- factor(rep(c("A","B","C","D"), each = 5))
m <- aov(urefu ~ kundi)
summary(m)
```

```
            Df Sum Sq Mean Sq F value Pr(>F)
kundi        3     10   3.333   2.222  0.125
Residuals   16     24   1.500
```

Turudi kwenye 0.03 yako. Hesabu yake haina kosa. Tofauti ya A na D ni sentimita 2, kosa sanifu lake ni 0.775, t ni 2.58 kwa digrii 8 za uhuru, na p inatoka 0.0325. Tatizo ni swali ambalo jedwali la t linajibu. Linajibu hivi: *ukiteua jozi moja kabla ya kuona data*, bahati peke yake ingekupa tofauti kubwa kiasi hiki mara ngapi? Wewe hukuteua hivyo. Ulipita jozi zote sita, na A na D ndizo zilizojitokeza kwa kuwa moja ina wastani ya chini kuliko zote na nyingine ya juu kuliko zote. Kwenye makundi manne lazima pawepo wa mwisho na wa kwanza, hata kama yote yametoka chungu kimoja, na pengo la hao wawili kwa kawaida ni kubwa kuliko pengo la jozi iliyookotwa kwa kura. Kulipima kwa jedwali la jozi ya kura ni kumpima mtu mrefu kuliko wote darasani kwa kipimo cha mwanafunzi wa kawaida, kisha kushangaa kwamba ni mrefu.

Hapa kuna mtego ambao hata wazoefu hunaswa nao. Mtu husoma onyo la t nyingi, halafu anasema: sawa, mimi nitafanya moja tu, A dhidi ya D. Lakini amekwisha kuziona wastani. Jicho lake limefanya majaribio sita kabla kompyuta haijafanya moja.

Ukubwa wa hasara ni upi? Notisi hutoa 1 − 0.95^6, ambayo ni karibu 0.26. Namba hiyo inachukulia majaribio sita hayategemeani, na hapo inakosea: A dhidi ya B na A dhidi ya C zote zinatumia miche ileile ya A, kwa hiyo ikiwa A imeshuka kwa bahati, zote mbili zitaelekea kudanganya pamoja. Hasara halisi ni ndogo kidogo. Usiniamini, jaribu mwenyewe kwa data isiyo na athari yoyote:

```r
uongo <- replicate(10000, {
  y <- rnorm(20)
  p <- pairwise.t.test(y, kundi,
         p.adjust.method = "none")$p.value
  any(p < 0.05, na.rm = TRUE)
})
mean(uongo)
```

Utapata namba iliyo karibu na moja kati ya tano. Ulidhani unakubali kukosea mara moja kati ya ishirini, kumbe kwa makundi manne tu unakosea takribani mara nne zaidi. Makundi yakiongezeka, jozi huongezeka kwa kasi zaidi. Niliwahi kupewa ripoti yenye makundi manane, yaani jozi 28, ambapo mwandishi alikuwa ametaja jozi moja tu, ile iliyotoka chini ya 0.05, na jozi 27 zilizobaki hazikuonekana popote. Nilipoziomba zote, hakukuwa na kitu cha kuripoti.

Ukitaka kujua jozi ipi inatofautiana na ipi, njia halali ipo. John Tukey aliutumia mgawanyo wa kile hasa unachokitazama, yaani pengo kati ya wastani kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote. Kwa makundi manne na digrii 16, kigezo chake cha asilimia 5 ni 4.05. Kizidishe kwa mzizi wa 1.5/5, unapata 2.22 (kufanana na F yako ni sadfa tu). Hiyo ni sentimita 2.22: jozi yoyote inayopishana zaidi ya hapo imepita. Jaribio lako la t lilidai sentimita 1.79 tu. Tofauti yako ya 2 imekaa katikati ya mistari hiyo miwili, na ndiyo maana majibu mawili yamegongana. Andika `TukeyHSD(m)` nawe utaona p ya D-A ikiwa juu ya 0.05, na mipaka ya tofauti hiyo ikianzia karibu −0.2 hadi 4.2.

Isome vizuri hiyo mipaka. Haisemi udongo wote ni sawa. Inasema miche yako mitano kwa kila kundi haiwezi kutenganisha "hakuna tofauti" na "tofauti ya sentimita nne". Ukiandika kwamba ANOVA imethibitisha udongo haujalishi, utakuwa umetoka kosa moja ukaingia jingine.

Notisi nyingi pia husema: F ikipita, sasa ruksa kufanya t za kawaida kwa kila jozi. Kwa makundi matatu ushauri huo unashika. Kwa manne unavuja. Chukua hali ambapo D inatofautiana sana na wengine, huku A, B na C zikifanana kabisa. F itapita kwa nguvu ya D peke yake, mlango utafunguka, na jozi tatu za A, B na C zitaingia bila ulinzi wowote, zikiwa na nafasi ya kama asilimia 12 ya kutoa angalau tofauti moja ya uongo. Tukey haihitaji mlango huo, kwa kuwa kinga yake imo ndani yake. Hutokea hata F ikapita bila jozi yoyote kupita, au kinyume chake, kwa sababu F inatazama mtawanyo wa wastani zote na Tukey inatazama ncha mbili.

Kuna hali moja ambapo 0.03 yako ingesimama: kama kabla ya kupanda ulikuwa umeandika kwamba swali lako ni A dhidi ya D, na B na C zipo kwa sababu nyingine. Hapo ungefanya ulinganisho huo mmoja, tena kwa kutumia 1.5 na digrii zote 16 badala ya 8. Kama daftari lako halina sentensi hiyo yenye tarehe ya kabla ya vipimo, ripoti F(3, 16) = 2.22, p = 0.125, kisha weka jozi zote sita za Tukey pamoja na mipaka yake.