Swali moja au matano? Kwa wanaoanza kutunga dodoso

Katika dodoso langu la kwanza la kaya nilivikusanya vifaa vyote kwenye swali moja: "Kaya yenu ina kipi kati ya hivi?" Chini yake redio, simu, baiskeli, televisheni na cherehani, vya kutiki. Mdadisi akafika kwa mama mmoja, akauliza, akajibiwa, "Sisi hapa tuna simu tu." Akatiki simu, akaendelea. Kesho yake nilipopita kukagua, nikakuta baiskeli imeegemezwa ukutani. Mama hakudanganya. Baiskeli ni ya kijana wake anayeishi humo humo, na hakuna aliyeitaja.

Kwenye data kosa hilo halionekani. Ukipakua majibu ya `select_multiple`, yaani swali la kutiki mengi, kutoka Kobo, programu ya kukusanyia data, kila kifaa kinaweza kupewa safu yake: kilichotikiwa 1, kisichotikiwa 0. Hiyo 0 haikwambii kama mama alisema hapana au kifaa hakikusomwa kabisa. Siku hizi natenganisha, kila kifaa na swali lake la ndiyo au hapana:

```
select_one ndiyo_hapana   redio
select_one ndiyo_hapana   baiskeli
```

Kila moja naliwekea `required`, ili mdadisi asiweze kuliruka. Kuyatenganisha majibu si lazima utenganishe skrini: yatie kwenye kundi lenye `field-list`, yatokee pamoja, na utangulizi usomwe mara moja tu.

Ila kuna mtego. Nilikuwa nikiweka maswali ya ziada papo hapo: ukisema una redio, unaulizwa ilinunuliwa lini na kwa bei gani. Kufikia kifaa cha tatu mhojiwa ameshang'amua kwamba kila "ndiyo" inazaa maswali mawili, basi "hapana" zinaanza kumiminika. Mdadisi mwenye njaa ya saa saba naye ameshang'amua, tena mapema zaidi. Utaliona hilo ukilinganisha wadadisi: mmoja ana "hapana" nyingi kuliko wenzake wa kijiji kilekile. Maliza kwanza ndiyo na hapana za vifaa vyote, ndipo urudi kwenye vile vilivyopo uulize ya ziada.

Mahali ambapo swali moja la kutiki mengi linafaa ni pale ambapo orodha haisomwi. Ukiuliza, "Kwa nini mtoto aliacha shule?" halafu ukamsomea baba sababu kumi, moja moja, atakubali sita, mbili kati yake hakuwa amezifikiria kabisa. Hapo muulize mara moja, nyamaza, tiki anachotaja, kisha ongeza, "Kuna nyingine?" mpaka aseme basi. Hapo 0 ina maana moja tu, "hakutaja", na ndivyo ninavyoandika hata kwenye ripoti: asilimia ya waliotaja ada, wala si asilimia ya walioshindwa ada.